Ng'ombe Mmoja au Mbuzi Sita: Hesabu Ianzie Septemba

Wanaowapigia debe mbuzi wa maziwa hupenda kusema kwamba mbuzi anakula kidogo na kutoa maziwa mengi. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayowapotosha watu, kwa sababu kilo ya majani haizai maziwa mengi zaidi kwa kupita tumboni mwa mbuzi badala ya tumboni mwa ng'ombe. Mfugaji mwenye eneo dogo akishalijua hilo, swali lake linabadilika. Hatauliza tena ni mnyama gani bora, bali ni mnyama gani anayeweza kulishwa kwa kile kitakachokuwepo shambani mwezi ule mbaya kuliko yote.

Tuanze na chakula chenyewe. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani ya tembo, yakikatwa yakiwa usawa wa kiuno au kifua na kukaushwa kabisa, kilo 100 hubaki kilo 15 hadi 20. Hicho kinachobaki ndicho chakula, na ndicho nitakachokihesabu hapa kwa jina la kilo kavu. Ng'ombe chotara wa kilo 400 anaweza kula kilo kavu 12 kwa siku, yaani kati ya kilo 60 na 80 za majani mabichi. Hiyo ni mizigo mitatu ya kichwani kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo.

Kilo 6 za kwanza kati ya hizo 12 hazitoi hata tone la maziwa. Zinampa mnyama nguvu ya kupumua, kusimama, kucheua na kuutunza mwili wake. Maziwa huanzia kwenye kilo ya saba, na kila lita moja hudai karibu theluthi mbili za kilo ya majani ya wastani. Kilo 6 zilizobaki zitatoa lita 9 hivi. Mbuzi wa kilo 45 naye hula kilo kavu 2 kwa siku, moja ya kuishi na moja ya maziwa, na hiyo ya pili itampa mfugaji lita moja na nusu. Mbuzi sita watakula kilo 12 na kutoa lita 9.

Lita ni zile zile. Ukipima kwa uzito wa mwili, mbuzi hata ni mlaji zaidi, maana mbuzi sita wana kilo 270 tu na wanamaliza hori lile lile la ng'ombe wa kilo 400. Kwa hiyo anayemshauri mwenye shamba dogo anunue mbuzi kwa sababu mbuzi wana tija kubwa ya malisho amempa sababu isiyokuwepo. Sababu iliyopo ni nyingine, nayo huonekana hori linapokuwa nusu tupu.

Chukua kilo 6 badala ya 12. Ng'ombe yule atazitumia zote kuishi na kukamua kutakuwa ni kuunyonya mwili wake mwenyewe. Kwa kilo zile zile, mbuzi watatu watakula wakashiba na kutoa lita 4 na nusu. Ng'ombe hakatwi nusu. Kundi la mbuzi hupunguzwa mmoja mmoja mpaka lilingane na majani yaliyopo, na kila anayebaki anapata sehemu yake ya kuishi pamoja na ile ya maziwa.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mashamba yako kwenye miteremko mikali, vipande ni vidogo na vimetawanyika, na sehemu kubwa imejaa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo vinavyoteremshwa kwenda masoko ya Morogoro mjini na Dar es Salaam. Eneo la kuachia malisho ni finyu sana. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilipopeleka mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe huko katika miaka ya 1980, kiliwapeleka kwa watu ambao wengi wao wasingeweza kumtunza ng'ombe hata kama wangepewa bure.

Tuijenge kaya moja ya mfano katika mazingira ya namna hiyo. Ina eka moja kwa jumla. Robo eka imepandwa mabingobingo na hupata samadi. Tuseme inatoa tani moja kavu kwa mwaka. Tani moja inasikika kuwa nyingi, lakini ukiigawa kwa siku 365 unapata kilo 3 pungufu kidogo, na hata hizo haziji sawasawa: wakati wa mvua ni kama 4, na kiangazi hushuka chini ya 2. Malisho mengine hutoka kwenye kingo za matuta, kwenye mabua ya maharage, marando ya viazi vitamu, magugu ya palizi na safu ya miti ya malisho. Kwa jumla kaya inaweza kukusanya kilo kavu 10 kwa siku kuanzia vuli inapokolea hadi masika inapoisha, na kilo 5 kuanzia Julai hadi Oktoba.

Ng'ombe kwenye kaya hii atawafurahisha watu mwanzoni, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Akizaa mwanzoni mwa masika atakamuliwa hata lita 8, kwa sababu ng'ombe aliyezaa karibuni huyachoma mafuta ya mwili wake kujazia anachokikosa horini. Mwenye ng'ombe atadhani majani yanatosha. Miezi miwili baadaye mafuta yamekwisha. Mbavu zinahesabika, mifupa ya nyonga inajitokeza, maziwa yameshuka, na zaidi ya yote mnyama haonyeshi joto. Mfugaji humlaumu mpandishaji kwa mbegu mbovu, kumbe mwili wenye njaa umeahirisha mimba. Septemba ikifika na kilo zake 5, ng'ombe hana hata za kuishi. Atakaa miezi 18 au hata miaka miwili kati ya ndama mmoja na mwingine, akila kila siku. Kuhifadhi majani ya masika kwa kuyakausha au kutengeneza saileji kwenye mifuko kunasaidia, lakini hakuongezi wingi wake: kilo 10 za miezi minane na kilo 5 za miezi minne zikichanganywa vizuri bila kupotea hata jani, wastani ni kilo 8. Baada ya zile 6 za kuishi, zinabaki za lita 3 tu.

Kwa chakula hicho hicho kaya ingeweza kuwa na majike watatu wa mbuzi, na ratiba yao ndiyo ingewalinda. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Wawili wakipandishwa Julai watazaa Desemba, mvua zikiwa zimeota majani, na watakamuliwa mpaka karibu na Julai nyingine. Wa tatu apandishwe Oktoba ili azae Machi na aendelee kukamuliwa kiangazi wenzake wakiwa wamekaushwa. Katika miezi ile migumu, wawili walio wakavu wanahitaji kilo moja na robo kila mmoja na anayekamuliwa anahitaji kilo 2. Jumla inaingia ndani ya kilo 5 na mabaki kidogo. Watoto waliozaliwa Desemba wamekulia kwenye majani ya mvua. Julai wana miezi saba na wanauzwa kabla hawajaanza kuwanyang'anya mama zao chakula. Wiki sita za mwisho za mimba, ambazo mama anahitaji kulishwa vizuri, zinaangukia Novemba vuli ikiwa imeanza.

Maziwa ya kaya hii hayatakuwa mengi. Kwa uaminifu ni lita moja hadi tatu kwa siku, kwa karibu mwaka mzima. Anayetafuta utajiri hapo hataupata.

Nimesema mbuzi hula kilo 2, lakini wanaowalisha wanajua kwamba kumwekea kilo 2 hakutoshi. Ng'ombe hukusanya kwa ulimi na kumeza karibu kila kilichomo. Mbuzi huchagua kwa midomo: huchukua ncha, jani laini, ganda, kisha huacha bua. Kilichoanguka chini na kukanyagwa au kukojolewa hakigusi tena hata akiwa na njaa. Ukitaka ashibe, mwekee robo zaidi ya anachokula na ukubali mabaki yaende kwenye lundo la mboji. Ukimlazimisha amalize mabua utaokoa majani na kupoteza maziwa. Njia ya kupunguza upotevu ni kuning'iniza matita juu ya kimo cha kichwa chake au kutengeneza hori la fito analoingiza kichwa tu. Mbuzi alizaliwa mla vichaka. Akila akiwa amenyoosha shingo anakula zaidi na kumwaga kidogo.

Hapa ndipo aina ya malisho inapoamua hata kuliko wingi wake. Kwenye kihamba cha Kilimanjaro malisho mengi ni shina la mgomba lililokatwakatwa, majani yake, gwatemala na mabua ya mahindi yanayoletwa kutoka mashamba ya tambarare. Ni chakula kigumu chenye nyuzi nyingi, na tumbo kubwa la ng'ombe, linalokishikilia chakula kwa muda mrefu, linakimudu kuliko la mbuzi. Mpe mbuzi shina la mgomba na mabua matupu, utaona anakonda mbele ya hori lililojaa. Kinyume chake, kaya yenye ua mrefu wa lukina, kaliandra, gliricidia au miforosadi ina chakula cha mbuzi hata kama haina kipande cha majani. Kaliandra iliyopandwa kwenye kingo za matuta hainyauki upesi kama majani, kwa kuwa mizizi yake imekwenda chini. Utafiti uliofanyika na wafugaji wa Embu nchini Kenya ulionyesha kwamba kilo 3 mbichi za kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba ng'ombe mmoja anahitaji miti 500 hivi ili apate kilo 6 mbichi kila siku ya mwaka. Mbuzi atafaidika na kilo moja tu kwa siku, kwa hiyo safu ya miti 100 kandokando ya mpaka inamtosha mmoja. Miti 500 haina mahali kwenye shamba la eka moja lililojaa kabichi. Miti 100 au 200 inaingia kwenye kingo bila kunyang'anya mboga nafasi.

Maji nayo yana uzito wake, hasa kwa anayeyabeba. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 50 na zaidi kwa siku. Mbuzi hunywa lita 5 au 6. Palipo na bomba uani tofauti hiyo haina maana. Panapotegemewa chemchemi iliyoko bondeni, ng'ombe ni ndoo mbili na nusu za ziada kila siku, na kwa kawaida kichwa kinachozibeba ni cha mama au cha binti.

Basi mbuzi wanadai nini? Kwanza, banda la juu. Mbuzi wa kigeni akilala kwenye tope atashikwa na mapafu na kwato zitaoza. Sakafu ya fito au mbao iwe juu ya ardhi kiasi cha mtu kupitisha koleo na kuzoa samadi, na nafasi kati ya mbao iruhusu kinyesi kupita lakini isinase mguu wa mtoto, yaani upana wa kidole hivi. Pili, minyoo. Mbuzi anayefungiwa na kukatiwa majani ana nafuu kubwa, ila majani yaliyokatwa bondeni penye unyevu asubuhi yenye umande humletea minyoo hiyo hiyo. Fungua kope la chini: likiwa jekundu ni mzima, likiwa jeupe damu imekwisha na hakuna cha kusubiri. Ng'ombe ana hatari yake kubwa zaidi ya kupe na ndigana kali, inayoweza kuua chotara ndani ya wiki mbili au tatu. Ng'ombe mmoja akifa, ufugaji umekwisha kwenye kaya ile. Mbuzi mmoja kati ya watatu akifa, ufugaji umechechemea.

Dai la tatu ndilo linaloangusha miradi mingi, nalo ni beberu. Kwa ng'ombe, maeneo mengi ya milimani sasa yana mpandishaji anayekuja na mtungi wa mbegu ukimpigia simu. Kwa mbuzi huduma hiyo ni adimu, na beberu mzuri hula kama jike bila kutoa maziwa. Mwenye majike watatu hawezi kumfuga peke yake. Huko Meru nchini Kenya, mradi wa mbuzi wa Togenbagi ulioanza katika miaka ya 1990 ulimaliza tatizo hili kwa vikundi: mfugaji mmoja hukaa na beberu wa kikundi, wenzake humlipa kidogo kwa kila jike, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi beberu hubadilishwa na wa kikundi kingine kabla hajawapanda binti zake. Kikundi kikilegea, beberu husahauliwa mahali pamoja. Dalili huja polepole: watoto wanaozaliwa na kilo moja na nusu badala ya tatu, taya fupi, majike wanaotoa maziwa pungufu ya mama zao. Ukiona binti za kundi hawafiki walipofika mama zao ilhali hori halijapungua, tazama beberu ametoka wapi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Katika mbuzi wengi wa maziwa wa asili ya Ulaya, wako wanaozaliwa bila pembe, na wanunuzi huwapenda kwa sababu hawachomi. Jike asiye na pembe akipandwa na beberu asiye na pembe, baadhi ya watoto wa kike huzaliwa huntha: wana umbo la jike lakini hawatazaa kamwe. Mfugaji humlisha mwaka mzima akisubiri joto lisilokuja. Katika jozi yoyote, mmoja awe na pembe za kuzaliwa nazo, na kwa desturi huyo huwa ni beberu.

Na watoto hunywa. Hili husahaulika kwenye hesabu za karatasi. Mbuzi akizaa mapacha, na huzaa mapacha mara nyingi, kila mtoto anahitaji karibu lita moja kwa siku katika miezi miwili ya kwanza. Mama wa lita moja na nusu au mbili hana ziada kwa muda huo. Kaya inayotegemea maziwa mara tu mbuzi anapozaa itawaacha watoto na njaa, na watoto hao watakufa kwa kuhara au watadumaa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ndama naye hunywa lita 4, lakini kwa ng'ombe wa lita 9 zinabaki 5.

Soko linawaegemea ng'ombe waziwazi. Maziwa ya ng'ombe yana njia: kuna kituo cha kukusanya, kuna mwenye pikipiki na madumu, kuna hoteli ya chai njia panda. Lita 6 za kila siku zinaweza kuingia kwenye njia hiyo na kutoka na fedha. Lita moja na nusu ya maziwa ya mbuzi haina msafiri wa kuibeba. Huishia kwenye chai na uji wa nyumbani, au kwa jirani anayeyataka kwa ajili ya mgonjwa au mtoto, wakati mwingine kwa bei ya juu kuliko ya ng'ombe. Wapo wanaoyauza kama dawa ya kila ugonjwa. Hao tuwaache na biashara yao, ila mtoto aliye chini ya mwaka asiachishwe ziwa la mama kwa ajili ya mbuzi, na maziwa yachemshwe, kwa sababu brusela ya mbuzi ni kali kwa binadamu. Harufu inayolalamikiwa hutokana zaidi na beberu kulala karibu na wanaokamuliwa na chombo kisichooshwa vizuri. Mtenge beberu hatua 20 kutoka kwenye banda la majike na wengi hawataitambua glasi ya mbuzi.

Kazi ya kukamua pia inawapunguzia mbuzi sifa. Kuosha viwele vitatu na kukamua mara mbili kwa siku ili kupata lita 4 huchukua muda mrefu kuliko kumkamua ng'ombe mmoja lita 9. Kwenye kaya yenye mtu mmoja mzima mwenye nguvu, hilo si dogo.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Septemba, kabla ya kununua mnyama yeyote, azima mizani ya kuning'iniza na upime kila mzigo unaoingia nyumbani kwa wiki moja, ukikata kiasi ambacho ungeweza kukikata kila siku bila kuua mashina. Gawa kwa saba, kisha gawa tena kwa sita, maana majani mabichi hubaki karibu sehemu moja kwa sita yakikauka. Ukipata kilo kavu 10 au zaidi na maziwa yana njia ya kwenda sokoni, nunua ng'ombe na usisikilize habari za mbuzi. Ukipata 5 au 6, ni mbuzi watatu, na ng'ombe atakuwa mateso yake na yako. Katikati ya hapo kuna jibu la tatu ambalo halitajwi vya kutosha: chotara mdogo wa Jezi, mwenye kilo 300. Yeye anahitaji kilo 4 na nusu tu za kuishi, kwa hiyo kilo 8 zitamtoa lita 5, tena za mafuta mengi. Ugumu ni kumpata, kwani wauzaji wengi huleta chotara wakubwa wa Friziani kwa sababu ndio wanaovutia macho sokoni.

Mwenye kilo 8 asipompata Jezi, aanze na mbuzi wanne na atumie samadi yao kwenye robo eka yake ya mabingobingo kwa misimu miwili. Kisha apime tena Septemba ya tatu. Mara nyingi majani yatakuwa yameongezeka, na majike wawili pamoja na watoto wao wakiuzwa huenda wakalipia sehemu nzuri ya bei ya mtamba. Wale wawili wanaobaki wasiuzwe: mbuzi huchagua kwanza, na mabua wanayoyaacha ng'ombe atayala.